Hasara ya Mfukoni Tu: Kwa Nini Mahakama Huibania

Wafanyakazi wa mkandarasi walikuwa wakichimba barabara huko Birmingham, Uingereza, mashine yao ikakata kebo ya umeme. Kiwanda cha Spartan Steel, kilichokuwa kikifanya kazi usiku na mchana, kikakosa umeme kwa saa kumi na nne na nusu. Ndani ya tanuri kulikuwa na chuma kilichokuwa kikiyeyushwa, na ili kisigande na kuharibu tanuri lenyewe, ikabidi kimwagwe. Thamani yake ilipungua kwa pauni 368, na faida ya pauni 400 ambayo kingeleta ikapotea. Isitoshe, kiwanda kilisema kwamba umeme ungekuwapo kingeyeyusha mizigo mingine minne na kupata faida ya pauni 1,767.

Mkandarasi alikiri uzembe. Hata hivyo, mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa iliamuru alipe pauni 768 tu. Ile mizigo minne haikuguswa na chochote: hakuna kilichoungua wala kuvunjika, ni faida tu iliyokosekana. Hiyo ndiyo wanasheria huiita hasara tupu ya kifedha, na kwa kawaida aliyeisababisha kwa uzembe hailipi.

Jaji Denning hakuficha sababu. Kebo moja hulisha mtaa mzima, na kila mwenye duka, kiwanda au ofisi angeweza kuja na hesabu yake ya faida aliyoikosa, nyingine za kweli, nyingine za kubuni, na mahakama isingeweza kuzipambanua. Umeme hukatika, alisema, na watu huvumilia, hununua jenereta au hukata bima. Ni afadhali hasara igawanyike kwa wengi kidogo kidogo kuliko kumwelemea mtu mmoja. Jaji Edmund Davies alipinga: ikiwa hasara zote zimetokana na kosa lile lile, na zote zilitarajiwa, kwa nini hii ilipwe na ile isilipwe? Kwa mantiki naona alikuwa sahihi. Kwa utendaji, Denning alikuwa na jibu.

Sasa, kama mashine hukata kebo, maneno hufanya nini? Maneno husafiri mbali zaidi. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu aliyetoa taarifa mbovu bila nia ya kudanganya, na bila mkataba na aliyeitegemea, hakuwajibika. Mambo yakageuka mwaka 1963 katika kesi ya Hedley Byrne dhidi ya benki ya Heller.

Hedley Byrne walikuwa mawakala wa matangazo. Mteja wao, kampuni ya Easipower, alitaka nafasi katika televisheni na magazeti, na wao ndio wangedaiwa endapo asingelipa. Mwaka 1958 waliomba benki yao iulize kwa Heller, iliyokuwa ikitunza akaunti ya Easipower, kama kampuni hiyo iliaminika kwa pauni 100,000 kwa mwaka. Heller walijibu bila malipo kwamba ni kampuni ya heshima inayomudu shughuli zake za kawaida, ila kiasi kilichotajwa ni kikubwa kuliko walivyozoea kuona. Easipower ilifilisika, na Hedley Byrne wakapoteza zaidi ya pauni 17,000.

Majaji watano wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walikubaliana kwamba mwenye ujuzi anayekubali kumpa mtu taarifa, akijua huyo ataitegemea, anaweza kuwajibika kwa uzembe wake hata bila mkataba. Lakini Hedley Byrne walishindwa. Barua ya Heller ilieleza waziwazi kwamba inatolewa bila benki kubeba dhamana yoyote, na anayekataa dhamana tangu mwanzo hawezi kuhesabiwa kuwa ameipokea.

Mlango uliofunguliwa hivyo ni mwembamba. Mwaka 1990 iliamuliwa kesi ambamo kampuni ya Caparo iliwashtaki wakaguzi wa hesabu za kampuni ya Fidelity. Ilinunua hisa, hatimaye kampuni yote, ikiamini hesabu zilizoonyesha faida ya pauni milioni 1.3, kumbe, kwa madai yake, kulikuwa na hasara. Ikashindwa. Ripoti ya ukaguzi huwahudumia wanahisa kwa pamoja ili wasimamie kampuni yao; haikuandikwa kumshauri anayetaka kununua hisa. Kwamba itamfikia huyo pia, hilo pekee halitoshi.

Hukumu hizi hazizifungi mahakama za Kenya na Tanzania, ila mawakili huzitaja kama mwongozo. Basi kabla hujatoa fedha kwa kutegemea ripoti ya mthamini au barua ya benki, tazama imeandikiwa nani, kwa shughuli gani, na kama kuna aya inayokataa dhamana. Kama jina lako halimo, mlipe mtaalamu akuandikie wewe. Mkataba huo ndio utakaokupa dai ambalo huenda sheria ya uzembe ikakunyima.