Miadi ya kwanza mgahawani: salamu inayotuliza mioyo miwili

Msikilizaji, tuchukue mfano. Binti anatoka Sengerema, amevuka kwa kivuko cha Kamanga hadi Mwanza mjini. Kijana anamsubiri kwenye mgahawa karibu na ziwa. Wamezungumza kwa simu miezi miwili, lakini hawajawahi kukaa meza moja. Binti anaingia, na wote wawili midomo imekauka. Kijana aseme nini?

Wengi husema "Mambo?" na kujibiwa "Poa." Hapo maneno yameisha na hofu bado ipo. "Shikamoo" nayo haifai kwa mtu wa rika lako, maana inamweka mbali kama mkubwa wako. Wengine huanza na "Umependeza sana." Ni sifa nzuri, lakini ikitangulia salamu, mgeni huhisi anakaguliwa.

Salamu inayosaidia ni ile ya safari. Kijana anasimama, anamtaja binti kwa jina, kisha anasema: "Karibu. Habari za kuvuka? Ziwa lilikuwaje leo?" Hapo ananyamaza na kusikiliza.

Swali hili hutuliza kwa sababu jibu lake binti analo tayari. Halimpimi wala halimtaki ajieleze yeye ni nani. Atasema kulikuwa na mawimbi, au foleni ya magari ilikuwa ndefu. Akisimulia, pumzi inatoka polepole na mapigo ya moyo yanapungua. Kijana naye anapata nafasi ya kutulia, kwa kuwa kazi yake ni kusikiliza tu.

Kama wote ni Wasukuma, "Mwangaluka" ya asubuhi au "Mwadila" ya mchana hufanya kazi hiyohiyo, kwani kila mmoja amejua kuijibu tangu utotoni.

Kuhusu mkono, subiri kidogo. Akiunyoosha, mpokee. Asipounyoosha, weka wako kifuani na uiname kidogo. Wapo wanawake wasiopeana mikono na wanaume kwa sababu ya dini, na hiyo si dharau.

Baada ya jibu lake, sema ukweli mmoja mdogo: "Mimi nimefika mapema, nimeshakunywa maji glasi mbili kwa wasiwasi." Mara nyingi mwenzako atacheka, maana naye alidhani ana hofu peke yake. Ndipo uulize: "Utakunywa chai au soda?"

Utajuaje salamu imefanya kazi? Mabega yake yatashuka, ataweka mkoba chini, naye atauliza, "Na wewe je?" Akijibu "Nzuri" tu na kutazama mlango, usimwongezee maswali. Agizeni vinywaji kwanza, mkae kimya kidogo. Na akiwa amechelewa, usianze na "Mbona umechelewa?" Kivuko hakimsubiri abiria, na abiria naye hakiharakishi kivuko.

Salamu haileti mapenzi yasiyokuwepo. Inawawezesha tu kuonana jinsi mlivyo, kabla hofu haijawasemea.