Giza Kwenye Karatasi ya Macho

Mzee wa miaka 68 amekaa kliniki ya macho, mkononi ana karatasi mbili zilizotoka kwenye mashine, moja ya jicho la kulia na nyingine ya jicho la kushoto. Kwenye kila karatasi kuna mviringo wenye madoa ya kijivu na meusi. Bintiye anayaangalia kwa hofu. Mzee mwenyewe haelewi, kwa sababu saa moja kabla alisoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho kwa kila jicho. "Daktari, hili giza mimi silioni," anasema. "Ninachojua ni kwamba bodaboda zikitokea kulia zinanishtukiza, na bega langu la kulia halikosi kugonga mlango."

Mfano huu tutaufuata hadi mwisho, kwa kuwa ndivyo glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, inavyowaingilia watu wengi. Herufi za ukutani hupima kitovu cha kuona tu, na glakoma kwa kawaida hukiacha kitovu mpaka mwishoni. Uharibifu wa pembeni huonekana kwenye karatasi hizi.

Mashine yenyewe ni kuba jeupe. Unaegemeza kidevu, jicho moja linafunikwa, jicho lililo wazi linatazama taa ndogo ya katikati bila kuhama. Vimulimuli vinawaka hapa na pale, vingine vikali, vingine hafifu mno, na kila unapokiona kimoja unabonyeza kitufe. Kipimo kinachotumika sana, kinachoandikwa 24-2, kinapima sehemu 54. Katika kila sehemu mashine inatafuta mwanga hafifu kuliko wote ambao jicho lako bado linauona. Ndiyo maana huteremsha mwanga mpaka usiuone. Hata mwenye macho mazima hukosa vimulimuli vingi, na wazee wengi hutoka pale wakidhani wamefeli wakati wamefanya vizuri.

Jibu la kila sehemu ni namba ya desibeli. Namba kubwa maana yake jicho limeona hata mwanga hafifu. Katikati ya jicho zima ni kama 30 na kidogo zaidi. Ikishuka kutoka 30 hadi 20, sehemu hiyo sasa inahitaji mwanga mkali mara kumi ili ione. Ikiandikwa 0 au <0, hata mwanga mkali kabisa wa mashine haukuonekana, au uliponea chupuchupu kuonekana. Baada ya hapo mashine hugeuza namba kuwa rangi, na kati ya sehemu moja na nyingine inajaza kijivu kwa kukadiria. Kwa hiyo madoa yale si picha ya jicho wala ya kile unachokiona. Ni ramani ya mahali ambapo jicho linadai mwanga mwingi.

Karatasi ya jicho la kushoto la mzee ndiyo inayofundisha zaidi. Upande wa kushoto wa mviringo kuna doa dogo jeusi. Hilo lisimtishe mtu, kila binadamu analo: ni mahali neva inapotokea nyuma ya jicho, ambapo hakuna chembe za kupokea mwanga. Lakini kutoka jirani na doa hilo weusi umepanda, umepinda juu ya kitovu kama upinde, ukateremka upande wa pua. Huko umekatika ghafla kwenye mstari wa katikati unaolala. Juu ya mstari ni weusi, chini yake ni weupe.

Mkato huo una sababu yake ndani ya jicho. Nyuzi za neva zinatoka kila upande wa retina kwenda kukusanyika kwenye neva ya jicho. Zile zinazotoka upande wa mbali haziwezi kukatiza katikati, penye sehemu ya kuona kwa makini, hivyo zinagawanyika na kuizunguka, nusu kwa juu na nusu kwa chini, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Nyuzi za juu hazivuki kwenda chini, wala za chini hazipandi juu. Glakoma huzidhuru zikiwa zimekusanyika kwenye kichwa cha neva, na fungu la chini likifa, jicho linapoteza upinde wa juu, kwa kuwa taswira ndani ya jicho hukaa kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana mashine hulinganisha nusu ya juu na nusu ya chini. Kwa mzee huyu imeandika GHT: Outside Normal Limits, yaani tofauti ya nusu hizo mbili imepita kiasi cha kawaida.

Mstari huo ndio daktari anaoutafuta kwanza. Kama weusi ungekatika kwenye mstari uliosimama wima, tena upande uleule katika macho yote mawili, angeacha kufikiria glakoma na kuanza kuuliza habari za kiharusi au uvimbe kichwani. Mtoto wa jicho naye huacha alama tofauti: hufifisha karatasi yote kwa pamoja. Chini ya karatasi kuna ramani mbili ndogo za vijiraba. Ile ya Total Deviation inaonyesha upungufu wote. Ile ya Pattern Deviation huondoa ufifi wa jumla na kuacha umbo. Kwa mzee, upinde umebaki wazi kwenye ramani ya pili. Hapo mtoto wa jicho hawezi kubebeshwa lawama.

Jicho la kulia lina hali mbaya zaidi. Pinde zote mbili, ya juu na ya chini, zimeungana, na kilichobaki cheupe ni kiduara kidogo cha katikati. Kiduara hicho ndicho kilichosoma herufi mpaka mstari wa mwisho. Pembeni ya karatasi kuna MD, wastani wa upungufu ukilinganishwa na watu wa umri wake: kushoto −6.3, kulia −22.4. Jicho lisilo na tatizo huwa karibu na sifuri, na likipita −12 madaktari wengi huliweka kwenye kundi la glakoma iliyokomaa.

Sasa turudi kwenye swali lake: mbona halioni giza? Jaribu hivi ulipo. Fumba jicho la kushoto. Nyoosha mikono yote mbele, vidole gumba vimesimama vikigusana. Tazama gumba la kushoto kwa jicho la kulia, usilihamishe, huku ukisogeza gumba la kulia polepole kwenda kulia. Likifika kama sentimita 15, ncha yake itapotea. Angalia kinachokaa mahali pake: hakuna tundu jeusi, kuna ukuta uleule ulio nyuma. Ubongo umejaza pengo kwa kunakili kilicho jirani. Hivyo ndivyo ulivyofanya kwenye pinde za mzee kwa miaka. Pikipiki iliyoingia kwenye pengo haikuonekana nyeusi. Haikuwepo kabisa, mpaka ilipotoka ikiwa imeshafika.

Tena macho mawili yanabebana. Pengo la jicho moja huzibwa na jicho lenzake, ila kuna mahali lenzake halifiki. Jicho la kushoto likitazama kulia linazuiwa na pua na kuishia kwenye nyuzi 60 hivi, ilhali la kulia hufika takriban 90. Ukingo huo wa kulia ni wa jicho la kulia peke yake, na kwa mzee ndio uliokufa. Kipimo cha 24-2 hakifiki huko pembeni, hivyo daktari alimfunika jicho la kushoto, akasogeza kidole kutoka kulia kwenda mbele. Mzee hakusema "nimekiona" mpaka kilipokaribia kuwa mbele ya uso wake.

Karatasi hizi hudanganya wakati mwingine, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo. Kope iliyolegea huchora ukanda mweusi juu kabisa ya mviringo. Aliyechoka akaacha kubonyeza hutoa karatasi nyeusi kwenye kingo huku pande nne za karibu na kitovu zikibaki nyeupe, kwa sababu hizo hupimwa mwanzoni. Anayebonyeza ovyo huonekana ana macho kuliko ya kawaida. Mashine inahesabu makosa hayo na kuyaandika juu ya karatasi, na pia huwasha taa kwenye lile doa la kuzaliwa nalo: ukiiona, inajua jicho limehama. Kipimo cha kwanza aghalabu hutoka kibaya kuliko ukweli, kwa kuwa mtu hajazoea. Usishangae ukiitwa kurudia. Hakuna daktari makini atakayeamua kwa karatasi moja bila kuiangalia neva yenyewe na kupima shinikizo la ndani ya jicho.

"Giza hili litaondoka, daktari?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee wangu. Nyuzi zilizokufa hazirudi. Tunalinda zilizobaki."

Ulinzi wenyewe ni kushusha shinikizo la jicho, hata kwa wale ambao shinikizo lao linaonekana la kawaida. Yapo matone ya kila siku, ipo leza, upo upasuaji. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ukachapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza na matone ya timolol: baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu katika macho 61 kati ya kila 100, matone katika 31. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa timolol, kwani inaweza kumbana pumzi vibaya. Na mtu asiache dawa kwa sababu haoni tofauti. Kutoona tofauti ndiyo kazi ya dawa hiyo.

Kama ulinzi unafanya kazi, karatasi zijazo zitaonyesha. Daktari atazipanga kwa tarehe na kutazama kama MD inateremka. Ikishuka desibeli moja au zaidi kila mwaka, matibabu yaongezwe nguvu. Kwa hiyo zitunze zote, hata ukibadilisha hospitali. Barabarani mzee sasa anageuza kichwa chote kulia kabla ya kuvuka, na bintiye hutembea upande huo. Udereva ameambiwa aache.

Lipo jambo moja ambalo familia haipaswi kuliahirisha. Huko Kongwa, Dodoma, utafiti uliotangazwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na hatari ni kubwa zaidi kwa ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa. Kama mzazi, kaka au dada yako ana karatasi yenye giza la namna hii na wewe umefika miaka 40, nenda ukapimwe neva na shinikizo la macho mwaka huu, hata kama unasoma herufi zote za ukutani.