Jioni Zangu Zilikuwa Zikienda Wapi?

Mimi hutoka shule saa kumi, kisha nauza dukani hapa Wote hadi saa moja usiku. Ratiba yangu ilisema, "Saa moja: kusoma." Lakini wapi! Kila siku nililala kitabu hakijafunguliwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kwa siku tatu niliandika nilichofanya kila nusu saa. Kumbe saa moja mimi hufunga mlango tu. Kuhesabu pesa, kutembea hadi nyumbani na kula hunifikisha saa mbili na nusu.

Sasa kazi hizo nimeziandika kwenye ratiba. Saa 2:30 hadi 3:15 ni Hesabu peke yake, maswali matano. Nusu saa inayofuata naiacha tupu, maana wateja huchelewa. Siku ya soko sijidanganyi: maswali huhamia Jumamosi asubuhi.

Nusu saa hiyo tupu ikiliwa siku tatu mfululizo, najua nimepanga mengi mno. Hapo napunguza maswali, sio usingizi. Ndugu msomaji, anza na daftari, ratiba ije baadaye.