Kombo Inakukataa? Cheki Vile Gemu Huhesabu Mfinyo Wako

Manze, umefinya ngumi, ukafinya teke, na teke ikakataa kutoka. Si lazima pedi iwe imeharibika. Gemu za kupigana huenda fremu 60 kwa sekunde. Kwa Street Fighter IV, kombo zingine zilikupea nafasi ya fremu 1 tu, kama sekunde 0.017. Ukiwahi kidogo, mfinyo wako umepotea.

Dawa ni bafa. Wenye kuunda gemu wakiweka bafa ya fremu 3, ukiwahi kwa fremu 3 gemu inashikilia hiyo teke, inaitoa tu mara ngumi ikiisha kurudi. Nafasi yako sasa ni fremu 4. Ukichelewa, bado umekwama.

Mbona wasiweke 15? Hiyo ni robo sekunde. Unataka kujikinga, lakini teke uliyofinya kitambo inatoka yenyewe, unachapwa.

Na usishikilie batani ukingoja kombo ijitoe. Kibodi hurudia herufi ukishikilia, lakini gemu hizi kawaida hupuuza huo mrudio: mfinyo mmoja, pigo moja.

Ingia mazoezi, finya teke mapema zaidi kila raundi. Pale itaacha kutoka, bafa imeishia hapo.