Apu ya duka ikigoma, usibonyeze mara ya pili

Jioni moja nilikuwa Makina, Kibera, dukani kwa mpwa wangu. Mteja alikuwa na bidhaa za shilingi 430. Kijana wa kaunta akamtumia ombi la malipo kwa apu, mteja akatia namba ya siri, lakini apu ikabaki inazunguka tu. Kijana akatuma ombi jingine, mteja akalipa tena. Zikaingia shilingi 860, na apu bado inasema hajalipa.

"Mjomba, pesa zimepotea?" mpwa wangu akaniuliza. Hazikupotea. Pesa hupita M-Pesa. Apu hungoja tu kuarifiwa. Taarifa ikichelewa, ukibonyeza tena unamtoza mtu mara mbili. Mteja tulimrudishia 430 zake, kisha tukaandika karatasi hii na kuibandika kando ya mizani. Jamaa mwenye duka Kawangware naye ameinakili.

1. Usitume ombi la pili. Tazama meseji za M-Pesa katika simu ya duka. Kiasi na saa vikilingana, mpe mteja bidhaa zake. Meseji ya simu yake peke yake isikutoshe, kwani huweza kutungwa. Kama meseji za duka huenda kwa tajiri, mpigie athibitishe.

2. Meseji haijaja? Ngoja dakika mbili, kisha mteja aangalie salio lake. Kama hajakatwa, alipe mwenyewe kwa namba ya til iliyo ukutani. Akiwa amekatwa, usimtoze tena, mwite tajiri.

3. Kila mauzo yaandike daftarini: saa, bidhaa, kiasi, na ile kodi ya M-Pesa ya herufi na tarakimu 10. Aliyelipa taslimu, andika taslimu.

4. Foleni ikipungua, tafuta kosa liko wapi. Fungua ukurasa wowote wa mtandao kwa simu hiyo hiyo. Usipofunguka, ni bando limekwisha, mtandao umeanguka, au umeme umekatika na waifai imezima. Ukifunguka, ubaya uko kwenye apu: ifunge, uifungue upya.

5. Usiguse `Clear data` wala `Uninstall`. Mauzo ambayo hayajatumwa yamehifadhiwa ndani ya simu ile. Ukifuta, huenda usiyapate tena.

6. Apu ikirudi, usianze kuingiza daftari lote. Kwanza tazama yale yaliyokwama, huenda yamejiingiza yenyewe. Yasiyokuwemo ndiyo uyaingize, kila moja ukilitia alama daftarini, la sivyo hesabu ya unga itapungua mara mbili na rafu bado imejaa.

Karatasi hii haitengenezi apu. Ikigoma tena siku ya pili, piga picha ya kioo, andika saa, umpelekee aliyewauzia. Lakini wakati mnamngoja, duka liwe linauza na kila shilingi ijulikane ilipo.