Longitudo kwa Kivuli na Saa

Kigoma na Dar es Salaam hutumia saa moja, lakini adhuhuri zao ni mbili. Jua hufika kileleni Dar es Salaam kwanza, kisha zinapita takriban dakika 39 kabla halijafika kileleni Kigoma. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii 1 kwa kila dakika 4. Kwa hiyo dakika 39 ni karibu digrii 10, na ndivyo miji hiyo miwili inavyoachana kwa longitudo.

Longitudo huhesabiwa kuanzia Greenwich, London, ambako ni sifuri. Anayejua saa ya Greenwich ilikuwa ngapi hasa wakati jua lilipokuwa kileleni kwake, anajua pia yuko umbali gani mashariki au magharibi ya mstari huo. Kanuni hii ilijulikana zamani sana. Kilichokosekana ni saa ya kuaminika. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitenga zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini kwa kukosea si zaidi ya nusu digrii. Nusu digrii ni dakika 2 za saa, na saa za pendulamu za enzi hizo hazikustahimili mawimbi. Aliyefaulu alikuwa John Harrison, seremala aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza saa. Saa yake ya nne ilipelekwa Jamaika mwaka 1761, na baada ya kuzingatia mwendo wake wa kila siku uliokwisha kupimwa, ilikutwa imekosea sekunde 5 hivi tu. Leo simu inayojirekebisha kwa mtandao inatosha: saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili.

Kuna jambo moja ambalo saa halilionyeshi. Jua lenyewe halitembei sawasawa mwaka mzima. Njia ya dunia kulizunguka si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama. Kwa sababu hizo mbili jua huitangulia saa katika baadhi ya miezi na kuchelewa katika mingine. Waislamu wa Dar es Salaam wanalijua hili kwa kalenda za sala, hata kama hawajawahi kuuliza sababu. Mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka saa sita na dakika 6 hivi, lakini katikati ya Februari hungoja mpaka saa sita na dakika 37. Tofauti hiyo kati ya jua la kweli na saa huitwa mlinganyo wa wakati, na hupatikana katika majedwali ya tarehe kwa tarehe. Tarehe 11 Februari jua limechelewa dakika 14 na sekunde 13. Tarehe 3 Novemba limetangulia dakika 16 na zaidi kidogo. Karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba hakuna cha kusahihisha.

Kazi ngumu ni kuipata adhuhuri yenyewe. Wengi hudhani inatosha kungoja kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, lakini hapo ndipo kivuli kinapokuwa kigumu kusomeka. Kijiti cha mita 1 kikisimamishwa Kigoma tarehe 11 Februari, kivuli chake cha adhuhuri kina urefu wa sentimita 16 hivi, na dakika 5 kabla au baada ya hapo hubadilika kwa milimita moja na nusu tu. Ukingo wa kivuli una ukungu mpana kuliko hapo.

Njia bora ni kuikwepa adhuhuri na kupima pande zake mbili. Duara la nusu kipenyo cha mita 1 huchorwa kuzunguka kijiti. Asubuhi kivuli kirefu hufupika, na saa huandikwa ncha yake inapoingia kwenye mstari wa duara. Alasiri kivuli hurefuka tena, na saa huandikwa ncha inapoukata mstari kutoka nje. Nyakati hizo kivuli hubadilika karibu milimita 8 kila dakika, kwa hiyo sekunde zinaweza kukisiwa. Adhuhuri ni katikati ya saa hizo mbili. Kipande cha bati chenye kitundu kikifungwa kwenye ncha ya kijiti, badala ya ukungu huonekana doa la mwanga, na kulisoma kitovu chake ni rahisi zaidi.

Tuseme Kigoma siku hiyo ncha imeingia saa nne, dakika 16 na sekunde 50 asubuhi, ikatoka saa kumi, dakika 14 na sekunde 40 alasiri. Nyakati hizi zimekokotolewa kwa ajili ya mfano. Jumla ni saa 14, dakika 31 na sekunde 30. Nusu yake ni saa saba, dakika 15 na sekunde 45 mchana. Kwa saa ya Greenwich, inayohesabiwa tangu usiku wa manane, hiyo ni 10:15:45. Jua limechelewa, kwa hiyo saa ya wastani ya Kigoma jua lilipokuwa kileleni ilikuwa 12:14:13. Tofauti ya hizo mbili ni saa 1, dakika 58 na sekunde 28. Dakika 118 na nusu hivi, zikigawanywa kwa 4, zinatoa longitudo ya digrii 29.62 mashariki, mahali pake kabisa. Anayesahau mlinganyo wa wakati angepata digrii 26.06, karibu kilomita 400 kwingineko: ng'ambo ya ziwa, magharibi ya Kasongo huko Maniema.

Makosa mengine ni ya mikono. Saa ikikosea dakika 1, longitudo hukosea robo digrii, ambayo karibu na ikweta ni kilomita 28. Kijiti kikiinama, duara lazima lianzie chini ya ncha, si kwenye mguu wa kijiti. Timazi ya mwashi huonyesha pointi hiyo. Kitovu kikikosewa sentimita 1 kuelekea mashariki au magharibi, adhuhuri husogea zaidi ya dakika 1. Kosa hili hujifichua kama maduara ni zaidi ya moja: duara kubwa hutoa adhuhuri tofauti na dogo, kwa kuwa kivuli kirefu husogea upesi zaidi. Maduara mengi husaidia pia mawingu ya alasiri yanapoficha jua kwenye mstari mmojawapo.

Uwanja ulioinama ni hila mbaya zaidi. Mwinamo wa digrii 1 kuelekea mashariki au magharibi huisogeza adhuhuri kwa dakika 2 hivi kwenye duara la mita 1. Dawa yake ni pima maji, na pima maji yenyewe huhakikiwa kwa kuigeuza mwisho kwa mwisho palepale: povu likisimama mahali tofauti, chombo ndicho kimekosea. Yote yakizingatiwa, adhuhuri inayokosea sekunde 20 inawezekana kwa kijiti na simu, na hilo ni kosa la kilomita 9 kwa longitudo.