Mwaka Mmoja wa Shule Huongeza Mshahara Kiasi Gani?

Kitabu cha ekonometriki cha Jeffrey Wooldridge, kinachosomwa katika vyuo vingi, kina data za wanaume 935 wa Marekani na mishahara yao ya mwaka 1980. Ukilinganisha logi ya mshahara na miaka ya shule peke yake, kila mwaka wa masomo unaambatana na mshahara mkubwa zaidi kwa asilimia 5.98 hivi. Wengi wangeishia hapo na kusema shule ndiyo iliyoleta nyongeza yote. Lakini waliosoma sana walitofautiana na wenzao kwa mengine pia.

Chukua alama za jaribio la akili, yaani IQ. Kabla hata ya kuziingiza kwenye hesabu, unaweza kujua kosa limeelekea wapi kwa kujiuliza maswali mawili. Je, kilichoachwa nje kinapandisha mshahara au kinaushusha? Na je, kinapanda au kinashuka pamoja na elimu? Zidisha alama za majibu hayo mawili. Kwa IQ, yote mawili ni chanya, kwa hiyo elimu imebebeshwa sifa isiyo yake.

Tarakimu zinathibitisha hivyo. Katika data hizi, kila mwaka wa shule unaendana na alama 3.53 zaidi za IQ, na kila alama, elimu ikiwa ileile, inaendana na nyongeza ya asilimia 0.586. Zidisha, upate 2.07. Ukiingiza IQ kwenye hesabu, namba ya elimu inashuka kutoka 5.98 hadi 3.91. Tofauti ni ile ile 2.07, na hilo si bahati: kanuni hii hutimia daima katika hesabu za aina hii.

Sasa rudi mwanzo, na badala ya IQ weka uzoefu wa kazi. Uzoefu unapandisha mshahara, lakini aliyekaa darasani muda mrefu alichelewa kuanza kazi. Chanya mara hasi ni hasi: safari hii elimu ilikuwa imepunjwa. Ukiingiza uzoefu, namba yake inapanda hadi karibu 7.8.

Kwa hiyo si kila kinachoongezwa hushusha namba ya elimu. Wala si kila kinachoongezwa huisahihisha. Ukiweka cheo cha kazi, unawalinganisha wahasibu kwa wahasibu, ilhali uhasibu wenyewe huenda mtu aliupata kwa sababu ya shule. Hapo umeifuta sehemu ya faida uliyokuwa unaitafuta. Kigezo kizuri ni kile kilichokuwapo kabla ya elimu, kama vile hali ya wazazi.

Na kuhoji watu wengi zaidi hakusaidii. Kilichoachwa nje kikibaki nje, watu milioni moja watakupa jibu lenye kosa lile lile, ila sasa litaonekana la uhakika zaidi.